Feza ya Sanduku Ina Wenyewe

Mama,

Baraza la parokia limekuchagua kuwa mtunza feza pahali pangu, maana muda wangu wa miaka mitatu umekwisha. Padri ameniomba nikuandikie namna kazi inavyokaa, mambo gani bado yako wazi, na yale niliyojifunza. Ameomba pia maneno haya yapite katika gazeti letu, kwa sababu katika parokia nyingi kazi hii hupokelewa kwa ufunguo na salamu tu, bila karatasi.

Wewe unauza samaki sokoni tangu miaka mingi, hapa kando ya ziwa Tanganyika. Unajua kuhesabu noti kuliko mimi niliyefundwa filozofia katika seminari. Kwa hiyo sitakufundisha kuhesabu. Nataka kukuonyesha kitu kimoja tu ambacho sanduku lenyewe haliwezi kukuonyesha: feza iliyomo ndani, sehemu kubwa imekwisha kuwa na wenyewe. Jioni unapofungua mfuko wako, unajua mara moja sehemu gani ni ya mwenye mtumbwi, sehemu gani ni ya barafu na ya gari, na sehemu gani ndiyo faida yako. Sanduku la parokia ni vile vile, lakini wenyewe ni wengi, na wengine hawajulikani usipoandika majina yao.

Nilipopokea kazi hii, nilipewa sanduku, ufunguo, na kaye moja ya feza iliyoingia na iliyotoka. Hesabu ya kaye ilipatana na noti za ndani, faranga kwa faranga. Nikafurahi. Baada ya majuma matatu mwuza simenti mmoja akaja nyumbani kwangu. Akasema parokia ina deni lake: mifuko 15 kwa dola 12 mfuko mmoja, yaani dola 180. Katika kaye hapakuwa neno hata moja juu ya simenti. Sikumlipa siku ile, wala sikumfukuza. Nilimwomba karatasi ya kupeleka vitu, akaileta, nayo ilikuwa na sahihi ya msakristani. Msakristani akasema ndiyo, alipokea mifuko 15, nayo ilitumika katika ngazi ya kanisa. Baraza likaona karatasi, likaona ngazi, likakubali deni. Tukalipa, lakini feza ile ilikuwa imewekwa tayari kwa vitabu vya mafundisho, na watoto wakangoja vitabu hata mwaka uliofuata.

Angalia vizuri: hakuna mtu aliyeiba. Kitabu cha sanduku kilikuwa sahihi. Lakini kitabu cha sanduku huandika feza siku inapopita mlangoni tu. Neno lililotolewa kwa mwuza simenti halikupita mlangoni bado, basi kitabu hakikulijua. Tangu siku ile nilipanga jalada upya, na ndilo ninalokupa.

Jalada lina vitu vinne. Cha kwanza ni vitabu vya sanduku, na ni viwili: kaye ya buluu kwa dola, kaye nyekundu kwa faranga. Kila mstari una tarehe, namba ya resi, maneno, iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Usifute namba kwa kalamu mpaka isisomeke. Namba ikiwa si sahihi, pitisha mstari mmoja juu yake, andika ile ya kweli pembeni, na Padri atie sahihi pamoja nawe.

Cha pili ni karatasi ya makadirio, yaani feza baraza ilizokubali kutumia mwaka huu kwa kila kazi. Karatasi nyingi za namna hii zina safu tatu: makadirio, iliyolipwa, iliyobaki. Yetu ina safu nne, kwa sababu katikati niliongeza safu ya ahadi. Safu hiyo ndiyo moyo wa jalada lote. Chukua mstari wa paa la kapela. Makadirio ni dola 1,400. Tumelipa dola 760. Mtu asiyeona ahadi atasema zimebaki 640, na ataanza kufikiri juu ya milango mipya. Lakini tumekwisha kumwahidi fundi na mwuza mabati dola 560 tena. Kwa kweli zimebaki 80 tu, na milango haiwezekani.

Desturi ya safu hii ni nyepesi. Siku neno linapotolewa, ahadi inaandikwa, hata kama hakuna noti iliyotoka. Siku unapolipa, unaiondoa katika ahadi na kuiandika katika iliyolipwa. Isikae pahali pawili, maana utaihesabu mara mbili. Wala isikose pahali pote, maana mwuza simenti atarudi.

Cha tatu ni kaye ndogo ya feza za kupita, yaani feza zilizo mikononi mwetu lakini si zetu. Cha nne ni bahasha za ahadi. Kila ahadi ina bahasha yake, na ndani yake mapatano, karatasi za kupeleka vitu, na resi za malipo yaliyokwisha kufanyika.

Sasa tuhesabu pamoja kama tulivyofanya tarehe 24 Oktoba, mbele ya Padri na mwenyekiti wa baraza. Katika sanduku tulikuta dola 1,130 na faranga 1,150,000. Siku ile dola moja ilibadilishwa kwa faranga 2,300, basi faranga zile zilikuwa sawa na dola 500. Jumla ni dola 1,630. Ndiyo namba watu waliyoisikia, na ndiyo sababu wengine wanaomba tununue vyombo vya sauti kwa ajili ya kanisa, kwa bei ya dola 900. Wanasema: feza iko, tena nyingine itabaki.

Tuondoe kwanza feza za kupita. Sadaka ya Dominika ya Misioni, ile ya Dominika inayotangulia ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, ni faranga 276,000. Inakwenda jimboni yote, bila kupunguzwa hata nauli ya mtu anayeipeleka. Nauli hiyo hulipwa na parokia katika mstari wa safari. Kisha kuna nia za Misa ambazo bado hazijasomwa. Ni 23, kila moja faranga 5,000, yaani 115,000. Hizi zina kitabu chao kwa Padri, kama kanuni 958 ya Sheria ya Kanisa inavyoagiza, na sisi tunazitunza tu mpaka Misa isomwe. Kisha kuna dola 200 alizotoa mama mmoja mjane kwa kununua kengele, kwa ukumbusho wa mume wake. Kanuni 1267 inasema wazi kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani haiwezi kutumika ila kwa kusudi hilo. Kengele ina bei zaidi ya 200, kwa hiyo feza hizi zitakaa muda mrefu, na kila mwezi mtu atakuambia tuzikope kwanza. Usikubali. Ikionekana kengele haitapatikana kamwe, Padri aende kwa mama yule na kumwuliza. Feza ni ya neno lake.

Baada ya kuondoa hizi, zimebaki dola 930 na faranga 759,000.

Sasa tuondoe ahadi. Ziko nne, na kila moja ina namna yake ya kufungwa.

Ya kwanza ni mabati. Tuliagiza 60 kwa dola 12 moja, jumla 720. Nusu, yaani 360, tulilipa siku ya kuagiza, na 360 zitalipwa siku ya kupokea. Mapatano yanasema bati la BG 30. Ujue kwamba namba hii ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Ukiletewa BG 32 kwa bei ya 30, paa litakaa miaka michache tu. Usitazame namba iliyopigwa muhuri juu ya bati la kwanza tu. Hesabu yote 60, toa machache ya katikati ya fungu, na uyapime kwa mizani yako ya samaki pamoja na bati moja tuliloliweka kwa Padri kama mfano. Lililo jepesi zaidi kwa kipimo kile kile si letu. Mpaka hapo usilipe, maana feza ikikwisha kutoka hutakuwa tena na nguvu ya kudai.

Ya pili ni fundi. Kazi yake yote ni dola 600. Alipokea 200 alipoanza na 200 mbao zilipokwisha kupigiliwa. Dola 200 za mwisho atazipata mgongo wa paa ukikwisha kufunikwa, na mvua moja nzito ikipita bila kuvuja. Mkuu wa kapela ndiye anayetia sahihi kwamba amekaa ndani wakati wa mvua. Fundi atakuja kuomba mapema, kwa sababu ana watoto, na wewe utamhurumia. Baraza likitaka kumsaidia, litoe katika mstari wa maskini, lakini feza za mwisho za kazi zikae mpaka kazi iishe.

Ya tatu ni mshahara wa mlinzi wa usiku, faranga 230,000 kwa mwezi. Watu hawaihesabu kama ahadi mpaka tarehe 30. Lakini tarehe 24 mtu huyu amekwisha kulinda siku 24, na deni hukua kila asubuhi anapozima taa yake. Mimi huandika mwezi mzima tangu siku ya kwanza.

Ya nne ni nauli ya makatekista 10 wanaokwenda kwa mafundisho yao, faranga 23,000 kila mmoja, jumla 230,000. Kikao cha baraza kilikubali, na ukurasa wa kikao umo katika bahasha. Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao 10. Kwa hiyo sikulipa nauli hizi nikiwa bado na ufunguo, maana si vizuri mtu ajilipe mwenyewe. Utalipa wewe, nami nitatia sahihi kama wengine.

Ahadi hizi pamoja ni dola 560 na faranga 460,000. Ukiziondoa, zimebaki dola 370 na faranga 299,000. Kwa bei ya siku ile hizo faranga ni sawa na dola 130. Basi feza ya parokia, ile ambayo baraza linaweza kukata shauri juu yake kwa uhuru, ni dola 500, si 1,630. Vyombo vya sauti vya dola 900 vingekula kengele ya mjane, sadaka ya Misioni na mshahara wa mlinzi, hata kama katika kitabu cha sanduku kila kitu kingeonekana safi. Tena watu wangesema mtunza feza ameiba, siku mwuza mabati atakapokuja na mabati na kukuta sanduku tupu. Nimeona katika kazi hii kwamba wengi wanaoitwa wezi hawakuchukua kitu. Walitumia mara mbili feza iliyokuwa na mwenyewe.

Labda utauliza kwa nini ninahesabu dola na faranga mbalimbali mpaka mwisho, badala ya kuzichanganya tangu mwanzo. Ni kwa sababu ahadi hulipwa kwa feza ile iliyoahidiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 dola moja ilizidi faranga 2,800, na kabla mwaka haujakwisha ilishuka chini ya 2,500. Tuseme mtunza feza mmoja alitaka kumwekea mlinzi mshahara wake wa faranga 230,000, akanunua dola 82 wakati bei ilikuwa 2,800. Bei ikishuka hata 2,300, dola zile 82 zinampa faranga 188,600 tu. Zinapungua 41,400, na mlinzi hatakubali kusikia habari za bei. Mwaka mwingine hasara huja kwa upande wa pili, kwa yule anayetunza faranga na kudaiwa dola. Basi utunze dola kwa madeni ya dola, na faranga kwa madeni ya faranga. Unapolazimishwa kubadilisha, andika bei ya siku na jina la mbadilishaji katika kaye zote mbili: imetoka huku, imeingia huku. Wala usisahau lile unalolijua sokoni: noti ya dola iliyopasuka hata kidogo haipokelewi na mtu. Ikiingia katika sadaka, iandike pembeni, usiihesabu kati ya feza mpaka upate wa kuipokea.

Liko jambo la simu pia. Waumini wengine walioko mbali hutuma michango yao kwa simu. Namba iliyotumika mpaka sasa iliandikwa kwa jina langu. Ningekufa ghafla, feza ile ingekuwa ya jamaa yangu mbele ya watu wote, na parokia isingekuwa na la kusema. Tulitoa yote tarehe 24 Oktoba, ikaingia katika hesabu niliyokuonyesha, na ada ya kutoa iliandikwa kama matumizi. Namba yangu haitapokea tena mchango. Padri anafungua namba mpya, nawe utaandika kila jioni ya Dominika kilichoingia humo, kama vile kikapu.

Utajuaje kama kazi inaanza kuharibika? Alama ya kwanza ni vikaratasi ndani ya sanduku: “Fulani amechukua 20,000, atarudisha.” Siku kikaratasi kinapohesabiwa kama noti, sanduku limekwisha kupasuka. Mimi sikuacha hata kimoja, na siku ya kuhesabu uliona mwenyewe. Alama ya pili ni resi tano za wauzaji watano, zote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Alama ya tatu ni bahasha ya ahadi iliyo nene upande wa mapatano na tupu upande wa resi, na hali feza imetoka. Ukiona moja ya hizi, usingoje mwisho wa mwaka. Waite Padri na mwenyekiti juma lile lile, mhesabu pamoja.

Yako pia mambo matatu ya kufanya mwezi huu. Katika Dominika mbili zinazokuja, baada ya Misa, patangazwe kwamba yeyote anayeidai parokia alete karatasi yake kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeandika ahadi zote ninazozijua, lakini mtu mwingine katika kapela ya mbali aweza kuwa ametoa neno bila kutuambia, na ni afadhali tulisikie sasa. Kisha uwaambie viongozi wa jumuiya zote kwamba ahadi isiyo na sahihi tatu, ya Padri, ya mwenyekiti na yako, si ahadi ya parokia. Mwisho, utakapotoa habari za feza mbele ya waumini, kama kanuni 1287 inavyodai, usiwasomee feza ya sanduku peke yake. Wasomee namba tatu: iliyomo, yenye wenyewe, iliyo huru. Mara ya kwanza watanung'unika kwa sababu namba ya tatu ni ndogo. Mara ya pili wataanza kuuliza maswali mazuri, kama yule mzee wa jumuiya aliyeuliza mwaka jana kwa nini mstari wa safari unapita makadirio kila mwaka. Alikuwa na haki, na mwaka huu tuliuongeza.

Hati ya makabidhiano iko katika nakala tatu: yako, yangu, na ya Padri. Katika kaye zote mbili nimepiga mstari mwekundu chini ya neno langu la mwisho, na sisi wanne tumetia sahihi chini yake. Juu ya mstari ninajibu mimi, chini ya mstari unajibu wewe. Kwa muda wa mwezi mmoja nitakuja kila Jumamosi saa tisa, kama una swali juu ya mwandiko wangu au juu ya bahasha fulani, lakini ufunguo sitaushika tena hata kwa kukusaidia. Resi yangu ya mwisho ni namba 412. Yako ya kwanza itakuwa 413.